Tathmini ya Utendaji Kazi: Keshia wa Kaunta Namba 4

Mtathminiwa: Keshia, kaunta namba 4, zamu ya mchana. Ana mwaka 1 na miezi 5 kazini.
Mtathmini: Msimamizi wa zamu ya mchana.
Kipindi: Wiki 4, zamu 24.
Nakala: Meneja wa duka, faili la mfanyakazi.

Taarifa hii nimekuandikia wewe kwanza, ndiyo maana nasema nawe moja kwa moja. Meneja ataisoma baada ya sisi wawili kuijadili.

Namna nilivyoangalia. Nilisimama karibu na kaunta yako mara 6, nusu saa kila mara: mara 2 asubuhi duka likiwa tulivu, mara 3 saa za jioni watu wakitoka kazini, na mara 1 Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilikwambia mapema kuwa nitakuangalia, ila siku sikukutajia. Kwa jumla nilikuona ukihudumia wateja 84. Zaidi ya hapo nimepitia hesabu za kufunga droo za zamu zote 24, na kwa ridhaa ya wateja nililinganisha risiti 30 na bidhaa zilizokuwa kwenye mifuko yao kabla hawajatoka.

Kwenye daftari la maoni kuna mteja aliyeandika kwamba una kiburi, na mwingine kwamba wewe ni mchangamfu sana. Maoni yote mawili nimeyaweka kando. Hakuna aliyeandika ulifanya nini wala ulisema nini, na neno tupu siwezi kulipatia alama, liwe la kukusifu au la kukulaumu.

Alama ni 1 hadi 5. Alama 3 maana yake unafikia kiwango cha kazi, na 5 maana yake naweza kumleta keshia mpya asimame nyuma yako ajifunze.

USAHIHI: 4

Nianze na pesa. Mteja akikupa noti, huitumbukizi kwenye droo. Unaitaja kwa sauti, unailaza juu ya droo, unahesabu chenji, unaihesabu tena kiganjani mwa mteja, kisha ndipo noti inaingia. Sikuona hata mara moja ukiruka hatua hiyo, hata foleni ilipokuwa ndefu. Jumatano jioni bwana mmoja alishikilia kwamba amekupa noti kubwa kuliko uliyoitaja. Ulimwonyesha noti yake ikiwa bado imelala palepale, akaiangalia, akacheka, akaondoka. Kwa keshia anayetupa noti ndani haraka, ubishi ule ungetulazimu kufunga kaunta na kuhesabu droo nzima mbele ya watu.

Droo yako ilikaa sawa zamu 21 kati ya 24. Zamu 2 zilikuwa na upungufu mdogo na 1 ilikuwa na ziada. Nilipofuatilia zile 2 za upungufu nikakuta zote ni siku ulizopokelewa na mwenzako saa ya chakula, akatumia droo yako bila nyinyi wawili kuihesabu wakati wa kukabidhiana. Upungufu huo siwezi kukubebesha wewe wala kumbebesha yeye, kwa kuwa hakuna ajuaye ulitokea mikononi mwa nani. Kuanzia sasa hakuna anayegusa droo ya mwenzake. Anayepokea anakuja na droo yake mwenyewe, na hilo nimeshawaambia makeshia wote.

Kwenye risiti 30 nilikuta 27 hazina kosa. Zile 3 zinafanana kwa namna fulani, na hapo naomba tutulie kidogo. Ya kwanza, pakiti mbili zinazofanana zilipita kwenye skana lakini moja ikasomwa mara mbili, mteja akalipia tatu. Ya pili, mteja alikuwa na chupa 6 za aina moja, wewe ukaskani moja na kubonyeza idadi ya 5 badala ya 6. Ya tatu, tunda la kupimwa kwenye mizani liliingizwa kwa namba ya aina nyingine iliyo jirani nayo kwenye orodha, bei yake ikiwa chini. Kosa moja lilimuumiza mteja na mawili yaliliumiza duka, kwa hiyo sioni dalili yoyote ya kupendelea upande. Ninachokiona ni kwamba bidhaa ya mojamoja hukosei. Unakosea pale panapohitaji kuhesabu au kukumbuka namba. Bidhaa nyingi za aina moja zipange kwenye kaunta kwanza, uhesabu kwa kidole, halafu uangalie skrini kama idadi imekubali. Namba za matunda na mboga usizitegemee kichwani. Nimekubandikia karatasi yenye picha kando ya mizani.

Nimezuia alama ya 5 kwa sababu ya risiti hizo 3 tu.

FOLENI: 2 (soma pia sehemu ya mazungumzo)

Kabla ya kuanza uchunguzi huu niliamini kwamba wewe ni mzito wa mkono. Nimekuwa nikiamini hivyo tangu mwaka jana, na nadhani hata meneja alilisikia kutoka kwangu. Jumamosi ile nilishika saa. Katika dakika 30 ulihudumia wateja 17, lakini mara 4 ulisimama ukisubiri ufunguo wa msimamizi ili bidhaa ifutwe kwenye risiti. Kusubiri kote kulikula dakika 9. Ukiziondoa, wateja 17 walipita kwa dakika 21, na hiyo si kasi ya mtu mzito. Msimamizi uliyekuwa ukimsubiri ni mimi. Nilikuwa stoo nikipokea mzigo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hilo ni kosa langu, nimeliandika hapa ili lisikuhesabiwe wewe.

Kinachobaki kwako ni macho. Ukianza kuskani huinui kichwa mpaka mteja alipe. Utaratibu wetu ni kwamba watu wakizidi 5 unabonyeza kengele ya kuita keshia wa pili. Katika vipindi 3 vya jioni foleni yako ilifika watu 7, 8 na 8, na kengele ilibonyezwa mara moja pekee. Siku moja niliona wateja wawili wa nyuma wakiweka vikapu vyao sakafuni na kutoka. Wewe hukuwaona, kwa hiyo huwezi hata kujua kwamba tumewapoteza.

Lingine ni la yule kijana aliyekuja na bidhaa moja mkononi, akapenya mbele na kukunyooshea pesa. Ulimhudumia. Najua ulitaka amalize haraka aondoke, na kweli hakuchukua hata nusu dakika. Lakini mama aliyekuwa akifuata alisonya, na wa nyuma yake akaanza kusogeza troli yake ubavuni naye apenye. Ruhusa ya kupita mbele haitoki kwako, inatoka kwa aliyefikiwa na zamu. Ungemuuliza mama, "Samahani, unaridhia apite?" huenda angekubali kwa moyo mweupe, na akikataa, kijana anapanga foleni.

Kibao cha "Kaunta imefungwa" nilikiona ukikiweka baada ya kumhudumia uliyedhani ni wa mwisho, wakati watu 3 walikuwa wameshajipanga nyuma yake. Kiweke mwishoni mwa mkanda, nyuma ya mteja wa mwisho unayemkubali, dakika 10 kabla ya muda wako.

UKARIMU NA LUGHA: 4

Kati ya wateja 84, uliwasalimu 71 kabla hawajakusalimu. Waliobaki ni 13, na 11 kati yao walifika foleni ikiwa imevuka watu 6. Maana yake salamu yako inakatika unapobanwa. Sikutarajia iwe vingine, ila salamu haichukui muda; unaweza kuisema huku mkono ukivuta bidhaa ya kwanza.

Mzee aliyelipa kwa sarafu ndiye nitakayemkumbuka. Alizimwaga kwenye kaunta, akaanza kuhesabu, akapotea katikati, akaanza upya. Nyuma yake palikuwa na watu 4. Ulisema, "Shikamoo baba, tuhesabu pamoja," ukazipanga kumi kumi, yeye akitaja na wewe ukirudia. Hukumnyang'anya sarafu zake, na wale 4 hawakulalamika.

Upande wa pili, mteja aliyesema bei ya rafuni ni ndogo kuliko ya kwenye mashine ulimjibu, "Mimi siweki bei," ukageuza uso kwa mteja mwingine. Ulichosema ni kweli. Na lebo ya rafuni kweli ilikuwa ya zamani, nilikwenda kuiona mwenyewe. Lakini kwa mteja wewe ndiye duka. Jibu ni, "Ngoja tuhakikishe," kisha unampigia mtu wa rafu, na bidhaa hiyo unaiweka pembeni huku ukiendelea na zilizobaki.

Jambo dogo la kumalizia: mara 3 ulipiga soga na mfungaji mizigo juu ya kichwa cha mteja. Soga lenyewe halikuwa baya. Mteja ndiye alibaki kama hayupo.

MAZUNGUMZO

Tulikaa pamoja dakika 40. Haya ndiyo uliyoyasema, nami nimeyaandika kwa maneno yako kadiri nilivyoweza:

"Usahihi na lugha nakubali. Yule kijana nakubali, niliona mama amekasirika nikanyamaza. Kengele sikubali. Mwanzoni nilikuwa naibonyeza kila siku. Hakuna aliyekuja. Ukibonyeza mara tatu hakuna mtu, wateja wanakutazama wewe kama unacheza. Nikaacha."

Baada ya kikao tulikwenda wote wawili kuijaribu. Wewe ulibonyeza ukiwa kaunta 4, mimi nikasimama stoo. Sikusikia kitu. Nilisogea hadi mlangoni, nikaisikia kwa mbali, na hapo friji zilikuwa kimya. Saa za jioni friji zikinguruma hakuna atakayeisikia.

Kwa hiyo alama ya foleni naibadilisha kutoka 2 kuwa 3. Sijaipandisha zaidi kwa sababu ya kutoinua kichwa, kijana aliyepenya na kibao cha kufunga, mambo ambayo hayahusiani na kengele. Nawe pia ulipaswa kuniambia kengele haifanyi kazi badala ya kuiacha kimyakimya.

Tuliyokubaliana:

Mimi nitaomba kengele ya pili iwekwe stoo, na mpaka ifungwe, saa 10 hadi saa 1 jioni sitakwenda stoo. Ufunguo utakuwa nami hapa mbele. Wewe utainua kichwa na kuhesabu foleni kila unapompa mteja risiti, na ikizidi watu 5 utaniita kwa sauti. Suala la lebo za zamani nimelipeleka kwa mkuu wa rafu, kwa kuwa si lako.

Nitakuangalia tena mara 3 ndani ya wiki 6, zote saa za jioni, na nitatazama mambo mawili tu: foleni, na bidhaa za kuhesabu au kupimwa.

Imesomwa na kusainiwa na keshia wa kaunta 4, akiwa ameongeza kwa mkono wake: "Nimeelewa. Karatasi ya picha kwenye mizani inazibwa na mifuko, naomba ihamishiwe juu."

Imesainiwa na msimamizi wa zamu ya mchana. Karatasi imehamishwa.