Pendekezo la Utafiti wa Shahada ya Umahiri katika Matumizi ya Ujifunzaji wa Mashine: Je, Modeli Hutambua Ubovu wa Beringi au Huikumbuka Beringi Yenyewe?

1. Tamko la tatizo

Kabla ya kujiunga na programu hii nilifanya matengenezo ya pampu na mota kwa miaka sita. Fundi anayesikiliza beringi hukutana kila mara na beringi ambayo hajawahi kuisikia. Modeli nyingi za kutambua ubovu wa beringi kwa mitetemo hazipimwi hivyo. Rekodi hukatwa vipande, vipande vikachanganywa, vingine vikafunzia modeli na vingine vikaipima. Kwa hiyo vipande viwili vya beringi ileile, vilivyopishana kwa sekunde moja, huangukia pande mbili za mgawanyo. Usahihi wa asilimia 99 unaopatikana kwa njia hiyo hautuambii modeli itafanya nini ikikutana na beringi mpya.

Mfano unaojulikana zaidi ni data ya Chuo Kikuu cha Case Western Reserve. Ubovu wake ulitengenezwa kwa cheche za umeme, kwa vipenyo kama inchi 0.007, 0.014 na 0.021, kisha mota ikaendeshwa kwa mizigo minne, kuanzia sifuri hadi nguvu farasi 3. Hata ukifunza kwa mizigo mitatu na kupima kwa wa nne, beringi iliyoharibiwa inabaki ileile. Rekodi za msingi za beringi nzima ni nne tu, moja kwa kila mzigo, kwa hiyo haiwezekani kutenganisha beringi nzima za kufunzia na za kupimia. Sitaitumia data hiyo kwa majaribio, ingawa najua wasomaji wengi wataitafuta.

2. Kilichokwisha fanywa

Mwaka 2015 Smith na Randall walizipitia rekodi hizo kwa mbinu za kawaida za uchambuzi wa mitetemo, bila kufunza modeli ya kina. Walionyesha kuwa nyingi zinatambulika kwa urahisi, na nyingine zina dosari zinazozifanya zisifae kuwa kipimo. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Paderborn kilitoa data yenye beringi 32: nzima 6, zenye ubovu wa kutengenezwa 12, na 14 zilizoharibika katika majaribio ya kuharakisha uchakavu. Waandaaji wake wenyewe walishauliza kama ubovu wa kutengenezwa unaweza kufunzia modeli itakayotambua ubovu halisi, kwa hiyo swali hilo silidai kuwa langu. Ninachoongeza ni kupima, kwa modeli zilezile, usahihi unaporomoka kiasi gani kila mgawanyo unapokazwa, na kama fizikia ya beringi inaweza kupunguza anguko hilo.

3. Maswali ya utafiti

Kwanza, alama inashuka kiasi gani tukitoka kugawa kwa vipande, kwenda kugawa kwa hali ya uendeshaji, hadi kugawa kwa beringi? Pili, modeli iliyofunzwa kwa ubovu wa kutengenezwa inafanyaje kwenye ubovu halisi? Tatu, je, kuipa modeli mtetemo uliopimwa kwa mzunguko wa shafti badala ya kwa sekunde kunapunguza anguko hilo?

Swali la tatu ndilo moyo wa kazi. Gololi zinapopita juu ya jeraha kwenye pete ya nje, hugonga kwa kasi hii:

```
BPFO = (n/2) * fr * (1 - (d/D) * cos(phi))
```

Hapa `n` ni idadi ya gololi, `fr` mizunguko ya shafti kwa sekunde, `d` kipenyo cha gololi, `D` kipenyo cha duara linalopita katikati ya gololi, na `phi` pembe ya mgusano. Beringi za Paderborn ni za aina ya 6203: gololi 8, d ni milimita 6.75, D ni 28.55. Shafti ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mapigo ni takriban 76 kwa sekunde. Ikizunguka mara 900, ni takriban 46. Ukihesabu kwa mzunguko mmoja wa shafti, jibu ni takriban 3.05 katika hali zote mbili. Nadharia tete yangu ni kwamba modeli inayoona 3.05 haina haja ya kukariri sauti ya kila beringi.

4. Data na mbinu

Kila beringi ina hali nne za uendeshaji, na kila hali ina rekodi 20 za sekunde 4, kwa sampuli 64,000 za mtetemo kwa sekunde. Nitatumia beringi nzima 6, zenye ubovu halisi wa pete ya nje 5 na wa pete ya ndani 6. Zile 3 zenye ubovu mchanganyiko naziacha, maana kundi la beringi tatu haligawanyiki kwa namna ya maana. Zinabaki beringi 17, rekodi 1,360 na vipande 5,440 vya sekunde moja. Namba ya mwisho inavutia, lakini kitakwimu nina beringi 17, na matokeo yote yatasomwa kwa kumbukumbu hiyo. Wigo wa uhakika utapatikana kwa kuchota upya beringi, si vipande.

Mgawanyo mkali zaidi utalindwa na msimbo wenyewe:

```python
from sklearn.model_selection import StratifiedGroupKFold
sgkf = StratifiedGroupKFold(n_splits=5, shuffle=True, random_state=7)
for funza, pima in sgkf.split(X, y, groups=beringi):
    assert set(beringi[funza]).isdisjoint(beringi[pima])
```

Kwa swali la pili, beringi 12 za ubovu wa kutengenezwa zitafunza na 11 za ubovu halisi zitapima, lakini beringi nzima nazo lazima zigawanywe, tatu kwa tatu. Kuna njia 20 za kufanya hivyo; nitaziendesha zote badala ya kuchagua moja iliyonipendeza.

Modeli ni tatu. Ya kwanza ni msitu nasibu wenye vipimo vichache vya kawaida, nao ndio wa kushindwa na wengine, kama watauweza. Ya pili ni mtandao wa neva wa konvolusheni unaopokea mtetemo ghafi. Ya tatu ni mtandao uleule ukipokea bahasha ya mtetemo iliyopangwa upya kwa pembe ya shafti. Kasi ya shafti imo kwenye data. Vigezo vitachaguliwa ndani ya beringi za kufunzia pekee. Kipimo ni wastani wa alama ya F1 kwa makundi matatu. Kadi moja ya michoro inatosha.

5. Mipaka na hatari

Ni benchi moja la majaribio na aina moja ya beringi. Sitadai chochote kuhusu pampu iliyo kazini. Wigo wa uhakika huenda ukawa mpana kiasi kwamba modeli ya pili na ya tatu zisitofautishwe. Hilo likitokea nitaliandika hivyo, na jibu la swali la kwanza bado litasimama.

6. Ratiba

Nina wiki 36, na kwa kuwa ninafanya kazi, nahesabu saa 15 kwa wiki.

Wiki 1–5: kupakua data, kusoma mafaili na kuchora spektra ya kila beringi kwa macho yangu. Wenzangu waliniambia wiki mbili zinatosha, siamini.
Wiki 6–10: msitu nasibu katika migawanyo yote mitatu. Hapa swali la kwanza linapata jibu la awali, na sura ya mbinu inaandikwa.
Wiki 11–18: mtandao wa mtetemo ghafi, kisha swali la pili.
Wiki 19–25: kupanga upya kwa pembe na modeli ya tatu.
Wiki 26–28: hakuna kilichopangwa. Ni za ugonjwa, zamu za usiku na makosa nitakayoyagundua nimechelewa.
Wiki 29–34: kuandika, rasimu kamili ikimfikia msimamizi wiki ya 32.
Wiki 35–36: masahihisho na kuwasilisha.

Nikifika wiki ya 18 bila matokeo ya modeli ya pili, swali la pili litaondolewa na kubaki kama pendekezo la kazi ya baadaye. La tatu haliguswi.