Fomu za Kuanza Kazi: Msaidizi wa Mapokezi, Hoteli ya Paje

Ndugu Mwajiriwa Mteule,

Kufuatia barua yako ya kukubali kazi, ambayo utaianza Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2025, tunakuletea fomu nne zinazotakiwa kufika Ofisi ya Utumishi kabla ya Jumatano, tarehe 27 Agosti, pamoja na kivuli cha Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi.

Katika fomu ya benki, akaunti yako ya PBZ inatosha na huna haja ya kufungua nyengine. Andika jina kama linavyosomeka benki, herufi kwa herufi, kwani kadi uliyotuonesha ina majina mawili na kitambulisho kina matatu. Kwa sababu hiyo ambatisha barua ya benki inayothibitisha kuwa mwenye akaunti ni wewe. Mshahara hauingizwi katika akaunti ya mtu mwengine, hata akiwa mume au mzazi.

Mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura aandikwe kwa jina kamili, mahali anapoishi na namba ya simu inayopokelewa. Neno “Mama” peke yake halimsaidii mtu wa zamu usiku. Mama yako yuko Wete, nasi tunaheshimu kumtanguliza, lakini ongeza jamaa wa pili aliyepo Unguja, anayeweza kufika Hospitali ya Mnazi Mmoja bila ya kusubiri boti. Kumtaja mtu hapa hakumfanyi kuwa mrithi wa mafao yako.

Tamko la kodi linahitaji namba yako ya mlipakodi, TIN, inayotolewa na TRA. Ulieleza kwenye usaili kuwa jioni unalipwa na duka moja la Darajani: ikiwa utaendelea nalo, tamka ni ajira ipi iliyo kuu, kwa kuwa nafuu ya viwango vya chini vya kodi ya mishahara hupatikana katika ajira moja tu, na ukinyamaza deni litakufuata wewe.

Kuhusu pensheni, wengi hudhani wanachagua mfuko. Uanachama wa ZSSF ni wa lazima kwa ajira hii, na mchango wako hukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, huku mwajiri akichangia sehemu yake juu ya mshahara huo. Lililo hiari yako ni kujiwekea akiba ya ziada katika mpango wa hiari wa Mfuko, na usipojaza sehemu hiyo hutakatwa chochote zaidi. Namba ya NSSF uliyopewa ulipofanya kazi Dar es Salaam iandike kwenye maelezo ya ajira zilizopita, si kwenye nafasi ya namba ya ZSSF.

Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na utie saini pembeni. Fomu iliyofutwa kwa wino mweupe itarejeshwa.

Wako katika kazi,
Ofisa Utumishi