Neno la Shukrani: Kufunga Semina ya Huduma ya Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kikao, wakufunzi wetu, ndugu washiriki: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa dakika tatu, na najua saa imekwenda, kwa hiyo ratiba mnayo mikononi, siisomi tena.

Asubuhi wengi wetu tuliamini kuungua kunatibiwa kwa dawa ya meno. Tunaondoka tukijua ni maji baridi yanayotiririka, dakika 20, na dawa ya meno ibaki ya meno. Na yule mwanasesere wa mazoezi! Kumbe kubana kifua mara 30, kisha pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni kazi ya kutoa jasho. Mzee wetu wa safu ya mbele alivua koti, akapiga magoti, akatushinda vijana wote.

Mgeni rasmi, ulisema utafungua tu na kuondoka. Umekaa hadi sasa, na bandeji uliyofunga haijalegea. Tunakushukuru sana.

Wakufunzi, asanteni kwa kujibu hata maswali tuliyouliza mara mbili. Kamati ya maandalizi, umeme ulipokatika mlihamishia somo chini ya mti kabla hatujaanza kunung'unika. Wahudumu wa ukumbi na wakalimani wa lugha ya alama, kazi yenu tumeiona.

Vyeti viko mezani karibu na mlango. Asanteni sana, na safari njema.