Ripoti ya Shafti ya Korona Iliyovunjika, Sehemu ya 4: Usomaji wa Uso wa Mvunjiko

4.1 Kilichopokelewa

Vipande viwili vya shafti ya ngoma ya korona, mashine inayotoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, vililetwa karakana ya Tanga mjini kutoka shamba la mkonge wilayani Korogwe. Kipande kifupi, cha upande wa puli, kilikuwa kimefungwa gunia na kupakwa grisi, na uso wake umehifadhika vizuri. Kile kirefu kililala nje usiku wa mvua, kikapata kutu jipya la rangi ya chungwa. Kwa sababu hiyo vipimo vyote vya uso vilivyomo humu vimechukuliwa kwenye kipande kifupi, na kirefu kimetumika kuhakikisha tu. Usafi ulifanywa kwa asetoni na brashi laini. Brashi ya waya haikuguswa, na vipande havikuunganishwa hata mara moja ili kuona kama vinakaa, maana kuvigonganisha kunafuta alama zenyewe tunazozitafuta.

Shafti imekatika kwenye bega, pale kipenyo kinaposhuka kutoka milimita 115 hadi 95 ili kupokea beringi ya upande wa puli. Mkato ni bapa na umesimama wima kwa mhimili wa shafti. Hilo peke yake linaonyesha kupinda. Ufa wa uchovu, yaani ule unaokua kidogo kidogo kwa mzigo unaojirudia, ukitokana na kusokotwa kwa kawaida huenda mshazari, karibu digrii 45.

4.2 Mistari ya ufukweni

Sehemu kubwa ya uso, takriban asilimia 90, ni laini na ina mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, mfano wa ile ambayo maji yakipwa huiacha kwenye mchanga wa Raskazone. Mistari kumi na minne inaonekana kwa macho pale taa inapomulika kutoka ubavuni. Mwanga wa kutoka juu unaificha karibu yote.

Mistari hii ndiyo kiini cha ripoti, hivyo tunaieleza kwa kirefu. Mstari mmoja si mzunguko mmoja wa shafti. Ngoma ikizunguka mara 400 kwa dakika, zamu mbili za saa nane zinafikisha mizunguko 384,000 kwa siku, na kila mzunguko unapinda kila upande wa shafti mara moja. Hatua za mzunguko mmoja mmoja ni ndogo mno kuonekana bila hadubini ya elektroni. Mistari inayoonekana kwa macho ni mahali ufa ulipobadilisha mwendo: korona ilisimama kwa kukosa majani au umeme, hewa na maji machachu ya mkonge yakaingia ndani ya ufa na kuupaka kutu, kisha kazi ikaanza tena, au mzigo ulipanda au kushuka. Kwa hiyo mistari kumi na minne haitupi umri wa ufa kwa siku. Inatuambia jambo moja kwa uhakika: shafti hii iliendelea kufanya kazi ikiwa na ufa, ikasimama na kuwashwa tena mara nyingi kabla ya siku ya ajali.

Rangi inasema hivyo hivyo. Karibu na chanzo kutu ni la kahawia iliyoiva, karibu nyeusi. Kadiri unavyosogea ndani, linafifia hadi uso unakuwa wa kijivu. Nafasi kati ya mistari nayo inapanuka, kutoka chini ya milimita 2 karibu na chanzo hadi karibu milimita 9 kabla ya eneo la mwisho, kwa kuwa chuma kilichobaki kilikuwa kikipungua na ufa ukizidi kasi.

Ukifuata kitovu cha mipindo unafika kwenye kona ya bega. Hapo hakuna chanzo kimoja. Kuna vidaraja vidogo vitano vilivyosimama kwenye ukingo, vimeenea karibu theluthi ya mzingo. Kila kidaraja ni mahali nyufa mbili jirani, zilizoanza katika viwango tofauti kidogo, zilipokutana. Nyufa kadhaa zikianza pamoja namna hii, tatizo liko kwenye kona nzima. Kasoro moja ndani ya chuma isingeacha picha hii.

4.3 Eneo la mkatiko wa mwisho

Eneo la mwisho lina chembe za kung'aa, halina kutu la zamani, na ukingoni lina mdomo mwembamba wenye mteremko wa digrii 45, dalili kwamba chuma kilivutika kabla ya kuachia. Umbo lake ni yai la milimita 45 kwa 20, yaani karibu milimita za mraba 707 kati ya 7,088 za mkato wote: asilimia 10.

Udogo huu ni ushahidi mzito. Mzigo wa kawaida ungekuwa mkubwa, shafti ingekatika ikiwa bado na chuma kingi, na eneo hili lingekuwa pana. Hapa asilimia 10 ya chuma ilitosha kubeba kazi hadi dakika za mwisho. Eneo hilo halikukaa mkabala kabisa na chanzo. Limehama kiasi cha digrii 20 kuelekea kinyume cha mzunguko, kama inavyotarajiwa kwa shafti inayopindwa huku ikizunguka.

Taarifa ya zamu inasema korona "ilizidiwa majani", na walishaji wawili wameandikiwa barua ya onyo. Uso wa mvunjiko hauungi mkono maelezo hayo. Shafti nzima ya chuma hiki ikivunjwa kwa kukwama ghafla, huacha uso uliosokoteka, mfereji wa kii uliopinda na kii iliyobonyea. Kii imetoka safi, kuta za mfereji zimenyooka, na kipande kirefu kilipozungushwa kwenye mashine ya kukereza kilicheza chini ya milimita 0.1. Hata kama majani yalizidi asubuhi ile, yalimalizia tu ufa uliokuwa umeshakula sehemu tisa kati ya kumi. Tunaomba barua hizo ziondolewe kwenye mafaili ya wafanyakazi hao.

4.4 Kwa nini kwenye kona hiyo

Chuma chenyewe ni kizuri. Ugumu wa HB 190 unalingana na nguvu ya mvuto ya takriban MPa 650, inayofaa kwa chuma cha kaboni ya kati.

Mchoro unataka mviringo wa milimita 4 kwenye kona. Tumepima 0.5, pamoja na mkwaruzo wa kisu cha kukerezea unaozunguka kona yote. Vyanzo vitatu kati ya sita vimekaa juu ya mkwaruzo huo. Momenti ya kupinda hapo, kwa mvuto wa mkanda na uzito wa puli, tunaikadiria kuwa kN·m 6:

```
σ = 32M / (πd³) = 32 × 6,000,000 / (π × 95³) ≈ 71 MPa
```

Mviringo wa milimita 4 unazidisha mkazo huo karibu mara 1.94, sawa na MPa 138. Mviringo wa 0.5 unauzidisha karibu mara 3, sawa na MPa 215. Kikomo cha uchovu cha chuma hiki, yaani mkazo kinaoweza kuubeba ukijirudia bila kuota ufa, baada ya kupunguza kwa ajili ya ukubwa na ukwaru wa uso, tunakiweka karibu MPa 195. Tofauti kati ya shafti inayodumu na inayokatika iko kwenye kona hiyo. Maji ya mkonge yameongeza ubaya: kuna vishimo vya kutu vyenye kina cha hadi milimita 0.2, na chuma kinacholowa asidi hakina tena kikomo cha kutegemea. Hata hivyo tunaweka kutu nafasi ya pili.

Tunaelewa kwa nini aliyekereza alifanya hivyo. Beringi mpya ina kona ndogo, na juu ya mviringo wa milimita 4 haikai hadi begani. Njia sahihi ni kuacha mviringo na kutia kati ya bega na beringi pete yenye ukingo uliochongwa mshazari.

4.5 Hatua ya haraka

Shafti ya korona ya pili ilikerezwa karakana hiyo hiyo, kwa wakati mmoja na hii. Isilishwe majani mpaka beringi ya upande wa puli ivuliwe, kona isafishwe na kupimwa kwa rangi ya kupenyeza mzingo mzima. Mstari wowote wa rangi utakaojitokeza, hata wa urefu wa milimita 3, shafti itolewe.