Unyumbufu wa mahitaji kwa bei: aya moja nzito kwa sentensi fupi

Aya yenyewe ni hii:

"Unyumbufu wa mahitaji kwa bei ni uwiano kati ya badiliko la asilimia la kiasi kinachohitajika na badiliko la asilimia la bei lililolisababisha, mambo mengine yote yakibaki vilevile, na kwa kuwa bei na kiasi huenda pande zinazopingana, uwiano huo kwa kawaida huwa hasi, ingawa mahitaji huainishwa kuwa nyumbufu, yasiyo nyumbufu au yenye unyumbufu wa moja kwa ukubwa wake pasipo kuzingatia alama, ukubwa ambao huathiriwa na uwepo wa bidhaa mbadala, upana wa fasili ya bidhaa, sehemu ya kipato inayotumika kuinunua na urefu wa muda wa marekebisho, na ambao huamua mwelekeo wa mapato ya muuzaji bei inapobadilika, ijapokuwa kwenye mstari wa mahitaji ulionyooka unyumbufu hubadilika kutoka nukta hadi nukta huku mteremko ukibaki uleule."

Hiyo yote ni sentensi moja. Sasa isome hivi.

Bei ikipanda, watu hununua kidogo. Hilo unalijua tayari. Swali jipya ni hili: wanapunguza kwa kiasi gani? Unyumbufu ni jibu la swali hilo, na jibu ni namba.

Fikiria mpira wa manati. Ukiuvuta kidogo, unarefuka sana. Kamba ya katani ukiivuta kwa nguvu ileile, haisogei. Bei ndiyo mkono unaovuta. Wanunuzi ndio mpira au kamba.

Namba hiyo hupatikana hivi:

```
E = (badiliko la kiasi kwa %) / (badiliko la bei kwa %)
```

Kiasi kinakaa juu. Bei inakaa chini. Wanafunzi wengi huzigeuza, na jibu lote huharibika. Njia ya kukumbuka: bei ndiyo chanzo, na chanzo hukaa chini kama msingi wa nyumba.

Tuchukue genge la nyanya. Fungu moja ni shilingi 1,000. Kwa siku yanauzwa mafungu 50. Bei inapanda hadi 1,200. Sasa yanauzwa mafungu 35.

Bei imeongezeka 200. Gawanya kwa bei ya mwanzo: 200 ÷ 1,000 ni asilimia 20.
Mafungu yamepungua 15. Gawanya kwa mafungu ya mwanzo: 15 ÷ 50 ni asilimia 30. Yamepungua, kwa hiyo weka alama ya kutoa.
E = −30 ÷ 20 = −1.5.

Maana yake: kila bei ikipanda kwa asilimia 1, mauzo ya nyanya yanashuka kwa asilimia 1.5.

Kwa nini asilimia? Kwa nini tusitumie shilingi na mafungu tu? Kwa sababu shilingi 200 juu ya fungu la nyanya ni pigo. Shilingi 200 juu ya baiskeli hakuna atakayeiona. Tena nyanya zinahesabiwa kwa mafungu na petroli kwa lita, na huwezi kulinganisha fungu na lita. Asilimia huondoa vipimo vyote hivyo. Ndiyo maana E haina shilingi wala kilo mbele yake.

Alama ya kutoa inasema jambo moja tu: bei ikienda juu, kiasi kinaenda chini. Unapopima ukubwa, iache pembeni. Angalia namba peke yake.

Namba ikizidi 1, mahitaji ni nyumbufu. Wanunuzi wanashtuka. Ikiwa chini ya 1, mahitaji si nyumbufu. Wanunuzi wanavumilia. Ikiwa 1 kamili, asilimia za pande mbili zinalingana. Nyanya zetu ni 1.5, basi ni nyumbufu.

Linganisha na chumvi. Pakiti inapanda kutoka 500 hadi 600. Hiyo ni asilimia 20, sawa na nyanya. Mauzo yanashuka kutoka pakiti 100 hadi 98. Hiyo ni asilimia 2 tu. E ni −0.1.

Sasa tazama pesa mfukoni mwa muuzaji. Mapato ni bei mara kiasi.

Nyanya: mwanzo 1,000 × 50 = 50,000. Baadaye 1,200 × 35 = 42,000. Amepandisha bei, akapata pungufu.
Chumvi: mwanzo 500 × 100 = 50,000. Baadaye 600 × 98 = 58,800. Amepandisha bei, akapata zaidi.

Hapa ndipo hesabu hii inapoanza kuwa na kazi duniani. Serikali inapotaka ushuru wa uhakika, huutoza kwenye sigara na mafuta ya magari. Wanunuzi wa vitu hivyo hawakimbii upesi.

Kwa nini chumvi ni 0.1 na nyanya ni 1.5? Chumvi haina mbadala. Nyanya zikipanda, mpishi anaweka nyanya ya kopo au anapika mchuzi wa nazi. Chumvi pia inachukua pesa kidogo sana katika bajeti ya nyumba, na mtu hasumbuki na kitu kidogo.

Angalia pia umetaja nini. Ukisema "unga", hauna mbadala wa karibu sana. Ukisema "unga wa kampuni fulani", mbadala ziko kwenye rafu hiyohiyo. Jina likiwa jembamba, unyumbufu unakua.

Halafu kuna muda. Petroli ikipanda leo, mwenye gari atajaza tu, maana kesho ana kazi. Baada ya mwaka anaweza kuwa amefunga mfumo wa gesi asilia, kama wanavyofanya wenye magari na bajaji Dar es Salaam. Bidhaa ni ileile, ila unyumbufu umekua.

"Mambo mengine yakibaki vilevile" si maneno ya kujazia. Kama siku bei ilipopanda ndiyo siku mishahara ilipotoka, huwezi kujua kipi kilibadilisha mauzo. Usikokotoe E kwa data ya namna hiyo.

Sehemu ya mwisho ya aya ndiyo inayowaangusha wengi kwenye mtihani. Chora mstari wa mahitaji ulionyooka, bei ikiwa kwenye mhimili wa wima na kiasi kwenye wa mlalo. Kila bei ikishuka 100, kiasi kinaongezeka 1. Mteremko haubadiliki. Unyumbufu je?

Sehemu ya juu ya mstari: bei inashuka kutoka 1,800 hadi 1,700, karibu asilimia 5.6. Kiasi kinapanda kutoka 2 hadi 3, yaani asilimia 50. E ni kama −9.
Sehemu ya chini ya mstari: bei inashuka kutoka 300 hadi 200, karibu asilimia 33.3. Kiasi kinapanda kutoka 17 hadi 18, karibu asilimia 5.9. E ni kama −0.18.

Hatua ni ileile, 100 kwa 1. Kilichobadilika ni namba ya kugawia. Moja juu ya mbili ni nusu nzima. Moja juu ya kumi na saba haionekani. Basi usiseme "mstari huu ni nyumbufu". Sema ni nyumbufu katika bei ipi.

Namba ya kugawia ina mtego mwingine. Rudisha nyanya kutoka 1,200 hadi 1,000. Bei imeshuka asilimia 16.7, mafungu yamepanda kutoka 35 hadi 50, asilimia 42.9. E sasa ni −2.57, wakati kwenda ilikuwa −1.5. Ili kwenda na kurudi kufanane, gawanya kwa wastani wa namba mbili: 15 ÷ 42.5 ni asilimia 35.3, na 200 ÷ 1,100 ni asilimia 18.2. E ni −1.94 pande zote mbili. Swali likisema "tumia njia ya wastani", ni hii. Lisiposema, tumia namba za mwanzo na uandike kila hatua.