YAH: Ombi la kuhamishwa chumba kwa sababu za kiafya (Jengo B, chumba namba 14)

Mama Msimamizi, shikamoo. Pole na majukumu ya muhula.

Mimi ni Neema, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ninakaa Jengo B, chumba namba 14, kitanda cha dirishani. Naomba nihamishiwe chumba kikavu, ikiwezekana kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kwa sababu nina pumu na chumba ninacholala kinaizidisha. Pia naomba soketi iliyo kwenye ukuta wenye maji izimwe leo hii, bila kusubiri uamuzi wa ombi langu. Hilo la soketi ni hatari kwetu sote wawili tunaolala humo.

Ukuta wenyewe ni ule unaopakana na mabafu. Chini, karibu na sakafu, lipu imevimba na ukiigusa inamomonyoka kama mchanga. Nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi uliopanda hadi usawa wa kiuno, na nguo za rafu ya chini zinanuka uvundo hata zikiwa zimetoka kufuliwa. Asubuhi, wenzetu wa upande wa pili wakianza kuoga, unyevu kwenye ukuta huo unaongezeka. Ndiyo maana nadhani kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta, ingawa fundi ndiye atakayethibitisha. Dirisha halisaidii sana kwa kuwa ubao wake umevimba na linafunguka kiasi cha kupitisha mkono tu.

Wakati wa likizo ukuta ulipakwa rangi, na nilishukuru kwa hilo. Lakini ukungu umerudi mahali palepale, na rangi mpya imeanza kubanduka. Maji yakiendelea kuingia, rangi inauficha ukungu kwa muda tu. Ndiyo sababu siombi kupakiwa rangi tena.

Kuhusu afya yangu: nina pumu tangu utotoni, na hospitali ya chuo wana kumbukumbu zangu. Mwaka jana, nikiwa chumba cha ghorofani, ilikuwa imetulia. Inhela ya kutuliza nilikuwa naibeba kwenye mkoba na mara chache sana kuihitaji. Tangu nihamie chumba 14 naamka usiku kifua kimebana na kinapiga filimbi, na sasa naitumia inhela hiyo zaidi ya mara mbili kwa wiki. Daktari amenieleza kwamba hizo ni dalili za pumu isiyodhibitiwa vizuri, na kwamba vumbi la ukungu linapovutwa huchochea njia za hewa kuvimba na kubana. Ameniongezea dawa ya kuvuta kila siku ili kupunguza uvimbe huo, lakini akasisitiza kwamba dawa peke yake haitatosha ikiwa naendelea kulala palipo na kichocheo. Nimegundua hata mimi: nikilala nyumbani mwishoni mwa wiki, kifua kinafunguka, nikirudi chumbani, usiku uleule kinabana.

Ninayekaa naye chumbani tunaelewana vizuri sana, na naomba ombi hili lisichukuliwe kwamba tumegombana. Yeye ndiye anayeniinua usiku na kuniwekea mto mgongoni. Nimemfundisha dalili ambazo akiziona asisubiri chochote, aite msaada nikimbizwe hospitali: nikishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au inhela ikiwa hainipi nafuu. Si haki mwanafunzi mwenzangu alale akiwa na mzigo huo.

Soketi ninayoizungumzia iko kwenye ukuta huohuo, juu kidogo ya lipu iliyovimba. Juzi mwenzangu alipochomeka chaja ilitoa cheche, na kifuniko chake kina alama ya kuungua. Tumeacha kuitumia na tumeibandikia karatasi ya onyo, lakini karatasi haizuii umeme kupita kwenye ukuta wenye maji. Naomba fundi umeme aikate kwenye swichi kuu ya chumba mpaka ukuta ukauke na ukaguliwe.

Nimejaribu kufikiria njia ambazo hazitakupa usumbufu mkubwa. Ninayoiona bora ni kuhamia chumba namba 27, ghorofa ya kwanza ya jengo letu. Wanaokaa humo wameniambia kuna kitanda kimoja kitupu tangu mwenzao ahame, na wako tayari kunipokea. Nilipita kukiangalia: hakipakani na bafu wala jiko, kuta ni kavu na madirisha yote mawili yanafunguka. Naelewa kuwa huenda kitanda hicho kimeshatengwa kwa mtu mwingine kwenye orodha yako, ambayo mimi siioni.

Ikiwa kimetengwa, chumba chochote kikavu kitanifaa, hata katika Jengo A, hata kama ni cha watu wengi zaidi. Ninachoomba kizingatiwe ni kisiwe jirani na jiko, kwa sababu moshi nao hunibana, na kisiwe ghorofa za juu kabisa, kwa kuwa siku kifua kikiwa kibaya ngazi nyingi hunishinda. Kitanda cha juu au cha chini ni sawa kwangu. Ada ikitofautiana, nitalipa tofauti hiyo kwa utaratibu utakaoelekezwa.

Na kama hakuna nafasi kwa sasa, naomba niruhusiwe kulala kwa muda kwenye chumba cha wageni au cha wagonjwa, vitu vyangu vibaki chumba 14, wakati bomba linatengenezwa. Katika hali hiyo naomba kazi ifuate mpangilio huu: uvujaji uzibwe kwanza, lipu iliyooza ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke kabisa, ndipo upigwe lipu na rangi. Naomba pia nisiwemo chumbani lipu inapobanduliwa, kwani vumbi lake ndilo baya zaidi kwangu.

Kuna mwanafunzi aliyejitolea kubadilishana nami chumba. Nimemshukuru lakini sikukubali, na naomba njia hiyo isitumike. Atakayeingia kwenye kitanda changu atavuta hewa ileile, na mwenzangu atabaki humo. Hata mimi nikihama, chumba hicho kinahitaji kutengenezwa kabla ya kupewa mtu mwingine.

Nimeambatanisha barua ya daktari, picha za ukuta, kabati na soketi, pamoja na fomu ya kuhama chumba niliyoijaza na kusaini. Naomba barua ya daktari isomwe na wewe na mhudumu wa afya tu, isiwekwe kwenye jalada la wazi pale mapokezi.

Niko tayari kumpokea fundi au mkaguzi chumbani siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Mwenzangu naye ameridhia mlango ufunguliwe hata tusipokuwepo. Nikipewa chumba, naweza kuhama siku hiyohiyo, wenzangu watanisaidia kubeba. Mitihani ya katikati ya muhula inaanza Jumatatu inayofuata Ijumaa niliyoitaja, hivyo nitashukuru nikipata jibu, hata la awali, kufikia Jumatano. Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye fomu.

Asante sana, Mama.

Neema
Mwanafunzi, mwaka wa pili
Jengo B, chumba namba 14

Viambatanisho: barua ya daktari, picha za chumba, fomu ya kuhama chumba