Yah: Ombi la kuwa msaidizi wa utafiti katika mradi wa usugu wa mbu

Profesa Shabani, shikamoo.

Mimi ni Neema, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Sayansi katika Biolojia. Muhula uliopita nilisoma kwako Ikolojia ya Wadudu. Huenda unanikumbuka: ndiye niliyebaki baada ya kipindi kuuliza kwa nini mirija ya ulinganisho, ambayo haina dawa, nayo hutoa mbu waliokufa. Naandika kuomba nafasi ya msaidizi wa utafiti katika mradi wako wa usugu wa mbu kwa viuadudu, saa 12 hivi kwa wiki, kuanzia muhula ujao.

Nimepata moyo wa kuandika kutokana na jambo ulilolitaja kwa kupita tu kwenye mhadhara wa mwisho. Ulisema fomu za vipimo za misimu iliyopita bado ziko kwenye makaratasi, na hata zile zilizokwisha kuingizwa kwenye kompyuta ziliingizwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa mtindo wake. Najua wenzangu wengi wangetamani kuanzia kwenye PCR. Mimi naomba kuanzia kwenye hayo makaratasi, maana ni kazi ninayoweza kuifanya tangu wiki ya kwanza bila kukuchukulia muda wa kunifundisha.

Fomu zenyewe nazifahamu kwa sababu nimewahi kuzijaza. Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilipangiwa kwenye maabara ya kufugia mbu, ambako nililisha viluwiluwi, nikatunza mbu wapevu kwa maji ya sukari ya asilimia 10, na kusimamia joto na unyevu wa chumba. Baadaye niliruhusiwa kushiriki vipimo vya mirija kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanyonya damu, takriban 25 kwa kila mrija, dakika 60 kwenye karatasi yenye dawa, kisha kuhesabu vifo baada ya saa 24. Kuhamisha mbu kwa kifyonzeo bila kuwaumiza kulinichukua muda kukuzoea, lakini sasa mkono umetulia. Kwa darubini naweza kutenga Anopheles na Culex, na kutenga Anopheles funestus na kundi la Anopheles gambiae kwa kutumia ufunguo wa utambuzi.

Upande wa takwimu natumia R. Katika zoezi la darasa letu niligundua kwamba vikundi kadhaa viliandika asilimia ya vifo peke yake. Ukiona 92 hujui kama ni mbu 23 kati ya 25 au 92 kati ya 100, na ikiwa mrija ulikuwa na mbu 22 badala ya 25, taarifa hiyo imepotea moja kwa moja. Kwa hiyo nilipanga jedwali upya: mstari mmoja kwa kila mrija, wenye idadi ya mbu walioingizwa, walioanguka baada ya dakika 60, waliokufa baada ya saa 24, aina ya dawa, na namba ya boksi la karatasi. Asilimia huja mwishoni kabisa, nayo huikokotoa kompyuta. Marekebisho ya Abbott pia nayafanya kwenye programu badala ya kikokotoo cha mkononi. Kwa mfano, vifo vikiwa asilimia 82 kwenye dawa na 10 kwenye ulinganisho, hesabu ni (82 − 10) ÷ (100 − 10), yaani asilimia 80. Kipimo ambacho vifo vya ulinganisho vimezidi asilimia 20 programu hukitenga na kuandika sababu, hakifutwi kimyakimya.

Kwa uchambuzi nimetumia modeli ya aina hii:

```r
glm(cbind(waliokufa, walio_hai) ~ dawa + eneo,
    family = quasibinomial, data = vipimo)
```

Nilichagua `quasibinomial` kwa sababu mbu wa mrija mmoja hushiriki karatasi moja na hewa moja, hivyo si sahihi kuwahesabu kama mbu 25 waliopimwa kila mmoja kivyake.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo ningependa kulifuatilia nikiwa chini yako, kazi ya makaratasi ikiisha. Mwongozo unasema vifo vya asilimia 98 na zaidi ni dalili kwamba mbu bado wanauawa na dawa, chini ya 90 ni usugu uliothibitika, na katikati ni usugu unaoshukiwa. Lakini mbu 92 wakifa kati ya 100, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 85 na 96, kwa uhakika wa asilimia 95. Eneo hilohilo linaweza kuitwa "linashukiwa" msimu huu na "limethibitika" msimu ujao, na kwa mbu wenyewe hakuna kilichobadilika. Ukiwa na vipimo vya misimu kadhaa vilivyosafishwa vizuri unaweza kuangalia mwelekeo wa miaka badala ya kutegemea jina la kundi la mwaka mmoja. Pengine tayari mmelifanyia kazi. Kama ndivyo, nitafurahi kuelekezwa.

Nisichokiweza nakisema mapema. PCR nimeiona ikifanywa, sijaifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo sampuli za kutofautisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ambao kwa macho hawatofautiani, nisipewe peke yangu. Sijawahi pia kushiriki kazi ya kukamata mbu usiku nyanjani. Nipo tayari kujifunza yote mawili, ila sikuyahesabu kati ya ninayokuletea.

Pendekezo langu ni jaribio dogo kabla hujaamua lolote. Nipatie fomu za msimu mmoja. Nitaziingiza, na mtu mwingine wa maabara aingize sehemu ya fomu hizohizo bila kuona zangu, kisha tulinganishe majedwali mawili. Tofauti zitakazotokea zitakuonyesha umakini wangu kuliko barua yoyote ya utambulisho, na nakala hizo mbili zitabaki kuwa mali ya mradi hata usiponichukua. Fomu hazitatoka maabara, na majina ya kaya zilizoko kwenye fomu sitayaingiza kwenye jedwali la uchambuzi; kila kaya itapewa namba.

Ratiba yangu ya muhula ujao inaniacha huru siku nzima ya Alhamisi na Ijumaa kuanzia saa sita mchana. Wiki mbili za mitihani nitaomba kupunguza saa, na nitakukumbusha mapema. Kuhusu malipo nitafuata utaratibu wa mradi. Kama fungu halipo kwa sasa, bado ningependa kufanya lile jaribio la msimu mmoja, kisha tuzungumze.

Nimeambatisha wasifu wangu wa ukurasa mmoja, matokeo yangu ya mitihani hadi muhula uliopita, na faili la R nililotumia kwenye zoezi la darasa pamoja na data yake, ili ukitaka uliendeshe mwenyewe. Msimamizi wangu wa mafunzo kwa vitendo amekubali kuulizwa habari zangu, na mawasiliano yake yamo kwenye wasifu.

Naweza kuja ofisini kwako Alhamisi yoyote, saa yoyote utakayopanga. Na kama nafasi zimejaa, naomba unielekeze kwa mwenzako yeyote mwenye fomu zinazosubiri kuingizwa.

Naomba kuwasilisha.

Neema
Mwaka wa tatu, Shahada ya Sayansi katika Biolojia